Wachina bilioni 1.41, lakini Rwanda ndiyo iliyobanana zaidi

Sensa ya China ya mwaka 2020 ilihesabu watu bilioni 1.41. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2. Ukiuliza ni nchi gani kati ya hizo mbili imejaa watu zaidi, wengi watajibu China bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa kila Mnyarwanda mmoja ana Wachina wapatao 107 upande wa pili. Jibu hilo si sahihi. Kwa kipimo kinachotumiwa duniani kote, cha watu kwa kila kilomita ya mraba, Rwanda ina watu 503 na China ina watu 147.

Kipimo hiki huitwa msongamano wa watu, na hesabu yake haina siri: unachukua idadi ya watu, unaigawanya kwa ukubwa wa eneo. China ina kilomita za mraba zipatazo milioni 9.6. Rwanda ina 26,338. Kwa hiyo China inaizidi Rwanda mara 107 kwa watu, lakini inaizidi mara 364 kwa ardhi. Ardhi imezidi kwa kasi kubwa kuliko watu, na hapo ndipo idadi ile ya kutisha inapopoteza makali yake. Gawanya 364 kwa 107 upate 3.4; hiyo ndiyo tofauti ya msongamano kati ya nchi hizo mbili, na Rwanda ndiyo iliyo juu.

Ukitaka kuielewa namba ya msongamano vizuri zaidi, igeuze. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba milioni moja. Igawanye kwa watu 147 na kila Mchina anapata fungu la mita za mraba 6,800 hivi, karibu sawa na uwanja wa mpira wa miguu. Mnyarwanda anapata kama 1,990, yaani zaidi kidogo ya robo ya uwanja huo. Mimi hupendelea kuisoma namba hii kwa njia hiyo ya pili, kwa sababu inaonyesha mara moja kwamba tunazungumzia mgawo wa karatasini. Hakuna mtu aliyekabidhiwa uwanja wake. Fungu la Mchina limejumlisha vilele vya milima, majangwa, mito, barabara na mashamba ya watu wengine.

Na ndiyo maana namba 147, ingawa imepatikana kwa hesabu sahihi, haielezi karibu sehemu yoyote halisi ya China.

Mstari wa Hu

Mwaka 1935, mwanajiografia wa China aitwaye Hu Huanyong alichora ramani ya mahali watu wa nchi yake walipoishi, kisha akapitisha juu yake mstari mmoja ulionyooka. Mstari huo ulianzia Aihui, eneo la Heihe ya leo, kaskazini-mashariki kwenye mpaka na Urusi, ukashuka mshazari hadi Tengchong, kusini-magharibi karibu na Myanmar. Kwa hesabu zake, upande wa kusini-mashariki ulikuwa na asilimia 36 ya ardhi na asilimia 96 ya watu. Upande wa pili, mkubwa karibu mara mbili, ulibaki na asilimia 4 tu ya watu.

Mipaka ya nchi aliyoihesabu ilikuwa tofauti na ya sasa, kwani Mongolia ilikuwa imejumlishwa. Kwa mipaka ya leo, upande wa kusini-mashariki una takriban asilimia 43 ya ardhi na asilimia 94 ya watu. Baada ya vita, mapinduzi, na makumi ya miaka ya viwanda na uhamaji, mgawanyo wenyewe umesogea kidogo mno.

Sababu kubwa ni maji. Mstari wa Hu unakaribiana na mpaka wa mvua wa milimita 400 kwa mwaka. Kusini na mashariki mwake pepo za msimu huleta mvua ya kutosha mpunga na ngano, na mito imetandaza tambarare za udongo wenye rutuba. Kaskazini na magharibi mwake kuna jangwa la Gobi, jangwa la Taklamakan, na uwanda wa juu wa Tibeti ambao sehemu kubwa yake iko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kilimo cha kulisha mamilioni hakiwezekani, na viwanda vilipokuja vilifuata bandari, mito na watu waliokuwapo tayari.

Sasa tuirudie hesabu tukizitenga pande hizo mbili. Asilimia 94 ya watu bilioni 1.41 ni watu kama bilioni 1.33. Asilimia 43 ya ardhi ni kilomita za mraba milioni 4.1. Msongamano wa upande huo ni watu 320 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Upande wa pili una watu wapatao milioni 85 kwenye kilomita za mraba milioni 5.5, na hapo msongamano unashuka hadi 15 au 16. Kwa hiyo 147 ilikuwa imepatikana kwa kuchanganya 320 na 16. Mkazi wa kusini-mashariki akiambiwa 147 ataona nchi yake imepunguziwa watu nusu. Mkazi wa magharibi ataona imeongezewa mara tisa.

Hata hiyo 16 nayo ni mchanganyiko. Jimbo la Xinjiang, ambalo liko upande huo mkavu, lina watu milioni 25.9 kwenye kilomita za mraba zipatazo milioni 1.66, na ukigawanya unapata tena karibu 16. Lakini watu hao hawakutawanyika jangwani kila mmoja na eneo lake. Wamekusanyika kwenye chemchemi, kandokando ya mito inayoshuka kutoka milimani, na mijini. Mji mkuu wa jimbo, Urumqi, peke yake una watu milioni 4. Mtu anaweza kuishi ghorofa ya kumi na tano kwenye mtaa uliojaa magari, ndani ya jimbo ambalo takwimu inasema ni tupu.

Namba tatu kutoka mahali pamoja

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, wakiwemo wanaoandika ripoti, kwa hiyo tuende polepole na mfano mmoja.

Chukua sehemu mbili za China zilizo mbali kabisa kitabia: jiji la Shanghai na Tibeti. Katika sensa ya 2020, Shanghai ilikuwa na watu milioni 24.87 kwenye kilomita za mraba 6,340, yaani msongamano wa kama 3,923. Tibeti ilikuwa na watu milioni 3.65 kwenye kilomita za mraba zipatazo 1,228,000, yaani karibu watu 3. Je, msongamano wa sehemu hizo mbili kwa pamoja ni upi?

Njia inayokuja haraka kichwani ni kujumlisha 3,923 na 3 kisha kugawanya kwa mbili. Unapata 1,963. Namba hiyo haina maana yoyote. Imeipa Tibeti uzito sawa na Shanghai, ilhali Tibeti inaizidi Shanghai kwa eneo karibu mara 194, na Shanghai inaizidi Tibeti kwa watu karibu mara saba. Misongamano haijumlishwi na kugawanywa namna hiyo, kama vile asilimia za madarasa yenye wanafunzi tofauti haziwezi kufanyiwa wastani bila kuangalia kila darasa lina wangapi. Ukiona ripoti inayotaja wastani wa msongamano wa mikoa kadhaa, jumlisha watu wote wa mikoa hiyo, jumlisha maeneo yote, kisha gawanya. Matokeo yako yakiwa mbali na yao, kosa ni hili.

Tukifanya hivyo kwa mfano wetu, tuna watu milioni 28.52 kwenye kilomita za mraba 1,234,340. Jibu ni 23. Hiyo ndiyo namba sahihi ya msongamano wa kawaida. Inasema ukweli kuhusu ardhi: ukichagua kilomita moja ya mraba kwa kubahatisha mahali popote kwenye sehemu hizo mbili, kwa wastani utatarajia kukuta watu 23.

Lakini sasa badilisha swali. Badala ya kuchagua kipande cha ardhi, chagua mtu. Mwulize: mahali unapoishi pana msongamano gani? Katika kila watu 100 wa sehemu hizo mbili, 87 wanaishi Shanghai, na watajibu 3,923. Waliobaki 13 watajibu 3. Wastani wa majibu yao ni kama 3,420. Wataalamu wa idadi ya watu huuita msongamano uliopimwa kwa uzito wa watu, na kuupata unazidisha msongamano wa kila sehemu kwa idadi ya watu wake, unajumlisha, kisha unagawanya kwa watu wote.

Kwa hiyo tuna 23 na 3,420, zote sahihi, zote za mahali pamoja, kutoka takwimu zilezile. Ya kwanza inajibu swali la anayejenga barabara ya kuvuka eneo lote au anayehesabu gharama ya kufikisha waya wa umeme kila pembe. Ya pili inajibu swali la anayetaka kujua maisha ya mkazi wa kawaida: usafiri, kelele, foleni, kasi ya ugonjwa kuenea kutoka mtu hadi mtu. Mabishano mengi kuhusu kama nchi fulani imejaa au haijajaa hutokea kwa sababu mmoja ameshika namba ya ardhi na mwenzake ameshika namba ya watu.

Namba hii ya pili ina udhaifu wake, na haupaswi kufichwa. Inategemea umekata vipande vidogo kiasi gani. Shanghai yenyewe imejumlisha kisiwa cha Chongming, chenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200, ambacho sehemu yake kubwa ni mashamba. Ukikitenga, msongamano wa sehemu iliyobaki unapanda, na wastani wa majibu ya watu unapanda nao. Ukiendelea kukata hadi mtaa kwa mtaa, utaendelea kupanda. Kwa hiyo huwezi kulinganisha msongamano wa aina hii wa nchi iliyohesabiwa kwa majimbo na wa nchi iliyohesabiwa kwa kata. Lazima vipande viwe vya ukubwa unaokaribiana, na ndiyo sababu wanaofanya kazi hii siku hizi huigawa ramani katika miraba iliyo sawa, mara nyingi ya kilomita moja kwa moja, badala ya kufuata mipaka ya utawala.

Eneo gani hasa?

Watu huhesabiwa kwa gharama kubwa na mabishano mengi, lakini kigawanyo, yaani eneo, huchukuliwa kama jambo lisilo na shaka. Uganda inaonyesha kwamba sivyo. Nchi hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 241,500, na ndani yake mna sehemu kubwa ya ziwa Viktoria, maziwa ya Kyoga na Albert, na vinamasi. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 34.6. Ukigawanya kwa eneo lote unapata 143. Ukiondoa maji na vinamasi inabaki nchi kavu ya kama kilomita za mraba 200,000, na msongamano unaruka hadi 173. Hakuna mtu aliyezaliwa wala kuhamia katikati ya namba hizo mbili. Ukikuta takwimu mbili za nchi moja zinazopishana kwa mwaka uleule, angalia kwanza kama moja imehesabu maji.

Unaweza pia kugawanya kwa ardhi inayolimika peke yake. Uchunguzi wa ardhi wa China uliofanywa kwa hali ya mwaka 2019 ulikuta hekta milioni 127.9 za mashamba, ambazo ni kilomita za mraba milioni 1.28, chini kidogo ya asilimia 14 ya nchi. Wagawanye watu bilioni 1.41 hapo upate 1,100 kwa kila kilomita ya mraba ya shamba. Ghafla ule uwanja wa mpira wa kila Mchina umepungua hadi kipande cha mita 30 kwa 30. Kwa swali la chakula, hii ndiyo namba yenye uzito, na inaeleza kwa nini serikali ya nchi yenye ardhi kubwa namna ile huweka kikomo ambacho mashamba hayaruhusiwi kushuka chini yake.

Kwa upande mwingine, kigawanyo kidogo sana hutoa namba zinazoshangaza bila kufundisha mengi. Kitongoji cha Kowloon huko Hong Kong kilichoitwa mji wenye ukuta kilikuwa na hekta 2.6 tu, na uchunguzi wa serikali wa mwaka 1987 ulikuta watu wapatao 33,000 ndani yake. Kilibomolewa kati ya 1993 na 1994. Kwa kipimo chetu, msongamano wake ulikuwa karibu watu milioni 1.27 kwa kila kilomita ya mraba, lakini hapakuwahi kuwa na kilomita ya mraba ya namna hiyo popote. Jengo moja refu la makazi, likipimwa kwa kiwanja chake tu bila barabara wala shule inayolihudumia, litatoa namba za kutisha vivyo hivyo. Usiweke namba ya mtaa kando ya namba ya nchi ukadhani unalinganisha vitu vya aina moja.

Wengi kwenye ardhi, wachache chumbani

Imebaki hatua moja ambayo msongamano, hata ukihesabiwa kwa uangalifu wote huo, hauwezi kuivuka. Unahesabu watu kwa ardhi, haujui kama wamepangwa sakafuni au wamepandishwa juu.

Manhattan, kisiwa cha katikati ya jiji la New York, kina kilomita za mraba 59 hivi. Kila anayekiwazia huona majengo marefu na hudhani kwamba hakijawahi kuwa na watu wengi kama sasa. Sensa ya mwaka 1910 ilihesabu humo watu milioni 2.33. Sensa ya 2020 ilihesabu milioni 1.69. Msongamano umeshuka kutoka karibu 39,500 hadi karibu 28,700, ilhali majengo marefu maarufu ya kisiwa hicho mengi yamejengwa katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1910 familia za wahamiaji zilijazana kwenye nyumba za kupanga za ghorofa tano au sita, watu kadhaa chumba kimoja, na wapangaji wengine wakiongezwa humohumo ili kodi ilipike. Leo ghorofa ni nyingi zaidi na kila mtu ana sakafu kubwa zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama watu wamebanana nyumbani kwao hana budi kuacha kilomita za mraba na kuhesabu watu kwa chumba. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, huchukulia kwamba nafasi haitoshi watu wanapozidi watatu katika chumba kimoja. Kipimo hicho kinaweza kuikuta nyumba iliyobanana katikati ya nyika yenye watu wawili kwa kila kilomita ya mraba, na kinaweza kuipita bila tatizo ghorofa ya arobaini katika jiji lenye watu 20,000 kwa kilomita hiyohiyo.

Halafu kuna suala la saa. Kwa kawaida sensa humwandika mtu anapoishi au alipolala, si anapofanya kazi. Kitovu cha biashara cha London kiitwacho City kina kilomita za mraba 2.9, na sensa ya 2021 ilikuta wakazi wapatao 8,600. Hiyo ni karibu watu 3,000 kwa kila kilomita ya mraba, wakati London nzima ina zaidi ya 5,500. Kwa takwimu, basi, City ni sehemu tulivu kuliko jiji linaloizunguka. Wanaofanya kazi humo ni zaidi ya nusu milioni, na wote wakiwa kazini msongamano hupita 170,000. Anayepanga treni za asubuhi akishika ile namba ya wakazi, ataleta mabehewa machache mno.